Si chui, wala hachechemei: nyayo za kisimani Liwale

*Shikamoo mtaalamu. Niko wilaya ya Liwale, mkoa wa Lindi. Juzi alfajiri tulikuta nyayo hizi kwenye tope kando ya kisima tunachochota maji. Mvua iliacha saa nne usiku, picha nimepiga saa moja asubuhi. Nimeweka kiberiti kwa kipimo, na hatua nimezipima kwa futi ya fundi: sentimita 61, 63, 62, 60, 62, halafu karibu na maji 45 na 38. Wazee wanasema ni chui aliyejeruhiwa, maana nyayo za kushoto zimezama kuliko za kulia, na mnyama mwenye kilema ndiye hula watu. Watu wameanza kuogopa kwenda kulinda mashamba. Ni mnyama gani, na kweli anachechemea?*

Marahaba. Huyo ni fisi madoa aliyekomaa, na miguu yake minne iko sawa. Alikuja akitembea taratibu, akasimama, kwa dalili zote akanywa maji, akaondoka akitembea, kisha akatoka shoti. Nitakueleza nimeyasoma wapi, maana utakaporudi kwa wazee watataka sababu.

Nianze na ukubwa, kwa kuwa ndio uliozua neno la chui mkubwa. Ukipima unyayo wa picha ya kwanza kutoka ukingo wa juu mbele hadi ukingo wa juu nyuma, unapata viberiti viwili na karibu nusu. Kiberiti chetu cha kawaida kina urefu wa kama sentimita 5 (pima cha kwako, viwanda vinatofautiana kidogo), kwa hiyo hapo ni sentimita 12. Lakini ukingo wa juu si mguu wa mnyama. Mguu unapozama kwenye tope laini, unasukuma tope pembeni, na unapotoka unavuta kingo na kuzipanua. Mguu wenyewe ulikanyaga chini, kwenye sakafu ya shimo, pale palipolainika na kung'aa. Sakafu hiyo, kutoka ncha za kucha hadi mwisho wa nyuma, haifiki viberiti viwili kamili kwenye picha. Ni kama sentimita 9 na nusu.

Hapo kuna masahihisho mawili ya kufanya. Kiberiti umekilaza juu ya ardhi na sakafu ya unyayo iko chini yake kama sentimita 3. Kitu kilicho mbali zaidi na kamera huonekana kidogo zaidi. Kama ulishika simu kwenye kimo cha sentimita 60 hivi, tofauti hiyo ni nusu sentimita tu, kwa hiyo tuseme unyayo una sentimita 10. La pili ni simu kuinama. Picha iliyopigwa kwa kuinamisha simu hufupisha urefu, na hilo linaweza kukupotosha mara tatu zaidi ya kina cha tope. Ndiyo maana nilifurahi kuona kiberiti na si sarafu: kiberiti kina urefu na upana vinavyojulikana, na kwenye picha yako uwiano wake haujabonyea. Simu ilikuwa juu kabisa ya unyayo. Picha ya pili umeinamisha, kwa hiyo ile naitumia kuangalia umbo, sipimi chochote humo.

Unyayo wa mbele wa fisi madoa huwa kati ya sentimita 9 na 11. Chui kwa kawaida ni 7 hadi 9, simba mkubwa huanzia 11 kwenda juu, na mbwa wa kijijini kwa kawaida hafiki 8. Utaona kwamba chui dume na fisi mdogo wanakaribiana sana, na mtu anayetaja mnyama kwa kipimo peke yake anabahatisha. Kipimo kinapunguza orodha. Anayeamua ni umbo.

Wazee walipingana juu ya kucha, umesema kwenye ujumbe wako wa pili: wengine wakasema chui haonyeshi kucha, wengine wakasema kwenye utelezi huzitoa. Wote wako sahihi. Chui na simba hutembea kucha zikiwa zimefichwa ndani, lakini kwenye tope la kuteleza huzitoa kushikilia ardhi, na alama zake huwa nyembamba, kali kama zimechomwa kwa sindano. Za kwenye picha yako ni butu na nene, na zimetokea kwenye kila unyayo, hata ule ulio juu pakavu ambapo hakuna cha kuteleza. Hilo linavuta upande wa fisi au mbwa. Hata hivyo ningekuwa na kucha peke yake nisingeandika jibu hili.

Angalia ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, nitaiita kitako cha unyayo. Kwa paka wote wa mwitu, simba na chui wakiwemo, ukingo wa nyuma wa kitako una mawimbi matatu: moja kushoto, moja katikati, moja kulia, na yanaonekana hata kwenye tope baya. Fuata ukingo wa nyuma kwenye picha yako kwa kidole. Unakuta sehemu mbili tu, na hazikai sambamba. Moja imerudi nyuma kuliko mwenzake, hivyo kitako chote kinaonekana kimekatwa upande. Mshazari huo ni alama ya fisi. Mbwa, wa nyumbani na wa mwitu, kitako chake ni kidogo, chenye pembe tatu, na kati yake na vidole kuna nafasi kubwa. Nafasi hiyo ukiitazama, tope limesimama kama tuta dogo na unaweza kuchora msalaba wa kukatisha bila kugusa kidole wala kitako. Jaribu kuuchora kwenye picha yako: utagonga kitako kila upande, kwa sababu kitako ni kikubwa na vidole vimeibana nafasi yote.

Vidole navyo vinasema hivyo hivyo. Ni vinne, na viwili vya pembeni vimepinda kama haragwe, vimewakumbatia wale wawili wa kati mpaka vinakaribia kugusana. Vya chui husimama mbalimbali, kila kimoja na umbo la tone, na kimoja kati ya vile viwili vya katikati hutangulia mwenzake, kama kidole chetu cha kati. Nyegere na fungo siwaweki kwenye hesabu, miguu yao ni midogo, na ya nyegere huacha vidole vitano.

Picha ya pili ni unyayo wa umbo lile lile lakini mdogo zaidi. Mwanzoni mlidhani ni mtoto anayefuatana na mama. Huo ni mguu wa nyuma wa mnyama yule yule. Fisi ana shingo nzito, kichwa kizito na mabega ya juu, mgongo unashuka kuelekea mkiani, na uzito mwingi unakaa mbele. Kwa hiyo miguu ya mbele ni mikubwa kuliko ya nyuma kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Simba naye ana mguu wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma, lakini kwa fisi tofauti inatosha kumfanya mtu ahesabu wanyama wawili. Ukitaka kuhakikisha, hesabu: kama kuna mkubwa na mdogo, kila mmoja anatakiwa kuwa na nyayo za ukubwa wa aina mbili, jumla nne. Hapo kuna aina mbili tu.

Sasa mwendo. Hapa ndipo vipimo vyako vya futi vimekuwa na thamani kuliko picha, kwa sababu picha ya tatu umeipiga ukiwa umesimama, na kwenye picha ya namna hiyo hatua za mbali hujikunja zikaonekana fupi. Asingekuwepo mwenye futi, nisingeweza kusema lolote juu ya kuchechemea.

Umepima kutoka mguu wa mbele wa kushoto hadi wa mbele wa kulia, halafu tena hadi wa kushoto, na kuendelea. Umefanya vizuri kupima katikati ya kitako hadi katikati ya kitako, maana ncha za kucha hudanganya. 61, 63, 62, 60, 62. Mnyama anayechechemea haachi hesabu ya namna hiyo. Mguu unaouma anaukanyaga kwa haraka na kuuinua haraka, ule mzima unawahi kushuka, na matokeo yake hatua zinapishana: ndefu, fupi, ndefu, fupi, na upande mfupi ni ule ule kila mara. Ungepata kitu kama 68, 52, 67, 53. Tofauti yako kubwa ni sentimita 3, nayo haina mpangilio wa kupishana. Hiyo ni tofauti ya kawaida kabisa kwenye tope, hata kwangu na kwako tukitembea.

Na kina cha nyayo? Wazee wameona sawa kwamba za kushoto zimezama zaidi, lakini wameisoma kinyume. Mguu unaouma hukanyaga kwa wepesi. Kama mguu wa kushoto ungekuwa na jeraha, za kushoto ndizo zingekuwa za juujuu na za kulia ndizo zingezama. Kwa kuwa za kushoto zimezama, angepaswa kuwa na jeraha kulia, na hapo ndipo hatua sawasawa zinapokataa hadithi yote. Kilichobaki ni ardhi. Kwenye picha ya tatu maji yako upande wa kushoto wa njia yake. Anapita sambamba na ukingo kabla ya kugeukia kisimani, miguu ya kushoto iko chini kidogo, kwenye tope lililonyonya maji, na ya kulia iko kwenye udongo mgumu zaidi. Ushahidi umeupiga picha bila kujua: kuna nyayo za nguruwe pori zinazokwenda upande ule ule hatua chache pembeni, na za kwake pia za kushoto zimezama kuliko za kulia. Wote wawili hawawezi kuwa na kilema cha kufanana. Ukipata njia ya mnyama mwingine, au hata ya kandambili, kwenye ukingo huo huo, ifanye shahidi wako kabla hujampa mnyama ugonjwa.

Tazama tena jinsi nyayo zilivyokaa mbili mbili: mkubwa, na mdogo umetua mbele yake kidogo, wakati mwingine umekanyaga ukingo wake. Huo ni mwendo wa kutembea wa mnyama asiye na wasiwasi. Mguu wa nyuma unafuata wa mbele wa upande ule ule na unatua pale pale au kuupita kidogo. Angekuwa ananyata, hatua zingekuwa fupi na mguu wa nyuma ungetua nyuma ya wa mbele, maana anazuia mwili. Angekuwa anakwenda mchakamchaka, hatua zingerefuka. Mbwa wa nyumbani hupenda sana mchakamchaka huo, mwili wake ukiwa upandeupande, miguu ya mbele ikiacha mstari mmoja na ya nyuma mstari mwingine pembeni yake. Isitoshe huzungukazunguka, ananusa hiki, anarudi kile. Huyu wako ametoka kichakani, akafuata ukingo na kugeukia majini bila kuzungukazunguka.

Zile 45 na 38 ndizo zilizowatia hofu kwamba alikuwa ananyemelea mtu. Ni kweli hatua fupi zinafanana na za kunyata, na ungekuwa na mbili hizo tu nisingebisha. Lakini soma kinachofuata: miguu miwili ya mbele imekaa pamoja, sawasawa, ukingoni kabisa mwa maji, imezama kuliko yote, na ya nyuma imesimama nyuma yake bila kufika. Alipunguza mwendo, akasimama, akashusha kichwa chake kizito, na uzito wote ukaenda mbele. Anayenyemelea hamalizii kwenye maji. Fisi hunywa kwa kuinama namna hiyo, na hicho ndicho alichokuja kufanya.

Upande wa kuondoka, nyayo chache za kwanza ni za kutembea kama mwanzo. Halafu ghafla zinakaa makundi ya nne nne, kati ya kundi na kundi pana nafasi ambayo umekadiria mita mbili, na tope limerushwa nyuma ya kila kundi. Hiyo ni shoti. Kitu kilimkurupusha, ila tope halisemi ni kitu gani. Anaweza kuwa alisikia mlango, mbwa, au wenzake wakilia mbali. Tunachoweza kusema ni saa tu. Hakuna matone ya mvua yaliyotoboa sakafu ya nyayo, kwa hiyo alipita baada ya mvua kuacha saa nne usiku. Na kwenye picha ya nne kuna unyayo wa mtu aliyevaa kandambili uliokanyaga juu ya ule wa fisi na kufuta kidole kimoja, kwa hiyo alishaondoka kabla ya mchota maji wa kwanza. Wakati ndani ya usiku huo siwezi kuupunguza zaidi.

Nakuelewa hofu ilikotoka. Watu wa kusini hawahitaji kuhadithiwa. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 500 nchini, na sehemu kubwa ilikuwa huku kwetu kusini mashariki, Lindi, Mtwara na Rufiji. Yule simba wa Rufiji aliyeuawa mwaka 2004 alikutwa na jipu kubwa kwenye jino, na tangu hapo imekaa vichwani kwamba mla watu lazima awe mgonjwa. Jino bovu haliachi alama kwenye tope. Mnyama anaweza kuwa na miguu mizima na akawa hatari, na anaweza kuchechemea maisha yake yote akila panya. Kwa hiyo hata kama huyu angekuwa anachechemea, mngekuwa bado hamjui kama ni wa kuogopwa.

Ningekuwa mwanakijiji wa huko, picha ambayo ningeijadili zaidi ni ya zile nyayo za nguruwe. Ni nguruwe pori bila shaka: kwato mbili butu, na kwenye tope lenye kina kuna vidoti viwili nyuma, vya zile kwato ndogo za juu. Watafiti walioyafuatilia mashambulizi ya simba ya miaka ile walikuta yanapanda Machi hadi Mei, wakati wa mavuno, na yanafuata nguruwe. Nguruwe huingia mashambani, simba huwafuata nguruwe, na mtu yuko hapo hapo usiku anawafukuza nguruwe akiwa amelala kwenye kibanda dhaifu. Kwa hiyo hatari ya kulinda shamba haiondoki kwa kujua kwamba huyu ni fisi. Anayelala shambani alale kwenye dungu lililo juu na ngazi ivutwe, na asishuke gizani kumfuata nguruwe peke yake.

Kuhusu fisi mwenyewe, mbuzi na kuku wafungwe kwenye banda lenye mlango unaokaza, watoto wasilale nje, na kisimani muende kukishapambazuka, wawili au zaidi. Mzoga wa mbuzi msiutupe karibu na kisima. Na msitege sumu, tafadhali. Inaishia kuua mbwa wenu na tai, na maji mnayokunywa yako hatua chache kutoka hapo. Taarifa mpeni mtendaji wa kijiji aipeleke kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na mpeni vile vipimo vya futi pamoja na picha.

Akipita tena, pigeni picha kabla jua halijapanda, mwanga ukiwa unatoka pembeni, kwa sababu jua la saa sita linafuta vivuli na ukingo wa kitako hauonekani. Picha ikifika kwenye simu nyingine na unyayo ukaonekana umevimba badala ya kuzama, igeuzeni juu chini. Jicho limezoea mwanga kutoka juu na hudanganyika unapotoka chini. Tafuteni pia kinyesi ndani ya kichaka alikotokea. Cha fisi kikikauka huwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa anayokula, na hicho kitamaliza ubishi wa wazee haraka kuliko barua yangu. Lakini mkikuta unyayo wenye mawimbi matatu nyuma, usio na kucha, na sakafu yake imezidi sentimita 11, msisubiri kuniandikia. Huyo ni simba, na afisa wanyamapori apigiwe simu asubuhi hiyo hiyo.